Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufunga Miwani ya PlayStation VR, Kuweka Kamera na Kupanga Nyaya

Maelezo haya yanahusu miwani ipi?

Yanahusu PlayStation VR ya kwanza, iliyotoka mwaka 2016 kwa ajili ya PlayStation 4, ambayo pia inafanya kazi kwenye PlayStation 5 kwa msaada wa adapta. Hii ndiyo inayohitaji kamera ya nje, kisanduku cha kuchakata picha na nyaya kadhaa, na kwa hiyo ndiyo inayoleta maswali mengi. PlayStation VR2 ya mwaka 2023 ina kamera zake ndani ya miwani yenyewe na inaunganishwa na PlayStation 5 kwa waya mmoja tu. Mwenye hiyo hana haja ya kusoma sehemu ya kamera hapa chini, ingawa sehemu ya kutunza waya itamfaa.

Kisanduku kidogo cheusi kinachokuja na miwani ni cha nini, na nyaya zinaunganishwa kwa utaratibu gani?

Kisanduku hicho hukaa katikati ya konsoli, televisheni na miwani. Konsoli inakitumia picha, nacho kinaipeleka kwenye miwani na wakati huohuo kinaitengenezea televisheni picha ya kawaida ili walio chumbani waone unachokiona. Ukilielewa hilo, utaratibu wa nyaya unakuwa rahisi kukumbuka.

Kwanza zima konsoli na uichomoe kwenye umeme. Waya wa HDMI unaotoka kwenye televisheni, ambao hadi sasa ulikuwa umechomekwa kwenye konsoli, uuchomoe upande wa konsoli na kuuchomeka kwenye tundu la kisanduku lililoandikwa `HDMI TV`. Kisha chukua waya wa HDMI uliokuja na miwani, wenye namba 1, na uunganishe konsoli na tundu la kisanduku lililoandikwa `HDMI PS4`. Waya wa USB wenye namba 2 unatoka nyuma ya kisanduku kwenda kwenye tundu la USB mbele ya konsoli. Baada ya hapo unganisha adapta ya umeme ya kisanduku, na mwisho kabisa miwani yenyewe, ambayo inaingia mbele ya kisanduku. Katika toleo la kwanza la kisanduku matundu ya miwani yamefichwa nyuma ya kifuniko cha pembeni ambacho unakisukuma kuelekea nyuma, kwa hiyo usishangae usipoyaona mara moja.

Kamera ya PlayStation 4 ina plagi yake ya pekee isiyofanana na USB, na tundu lake liko nyuma ya konsoli. Haipiti kwenye kisanduku kabisa.

Nashauri uziache nyaya zikiwa zimelegea sakafuni kwa sasa. Watu wengi huzifunga na kuzificha nyuma ya kabati kabla ya kuhakikisha kwamba kila kitu kinawaka, halafu hulazimika kuzifungua zote kwa ajili ya plagi moja ambayo haikuzama sawasawa.

Nimeunganisha kila kitu lakini televisheni ni nyeusi. Nimekosea wapi?

Angalia mambo mawili kabla ya kufikiria kwamba kuna kilichoharibika. La kwanza ni kama nyaya mbili za HDMI zimebadilishana nafasi nyuma ya kisanduku. Matundu yanafanana na yamekaa karibu, na aliyechomeka kwa kupapasa gizani hukosea kwa urahisi. La pili ni umeme wa kisanduku. Hata siku ambayo huna nia ya kuvaa miwani, picha ya konsoli bado inapitia kwenye kisanduku ili kufika kwenye televisheni, na kisanduku kisicho na umeme hakipitishi chochote. Taa yake ndogo ikiwa nyekundu kinasubiri, na ikiwa nyeupe kinafanya kazi. Isipowaka kabisa, anza na soketi.

Ikiwa televisheni inaonyesha picha lakini miwani haionyeshi, tatizo liko upande wa pili, yaani kwenye waya wa miwani. Chomoa plagi zake mbele ya kisanduku na uzichomeke tena hadi zizame kabisa.

Kwa nini televisheni yangu imepoteza HDR tangu nilipofunga miwani?

Kwa sababu kisanduku cha toleo la kwanza, lenye namba ya modeli `CUH-ZVR1`, hakipitishi HDR. Toleo la `CUH-ZVR2` linaipitisha wakati miwani imezimwa. Mwenye toleo la kwanza anayeijali HDR hana budi kurudisha HDMI ya televisheni moja kwa moja kwenye konsoli kila anapomaliza kutumia miwani. Ni kazi ya nusu dakika, ila fanya hivyo ikiwa tu tofauti ya picha unaiona kwa macho yako, kwa sababu matundu ya HDMI hulegea yakichomekwa na kuchomolewa kila siku.

Nikitumia PlayStation 5, nahitaji nini cha ziada?

Unahitaji adapta ya kamera, kwa kuwa PlayStation 5 haina tundu la kamera ya zamani. Kamera inaingia kwenye adapta, nayo adapta inaingia kwenye tundu la USB nyuma ya konsoli. Kamera ya HD iliyotengenezwa kwa ajili ya PlayStation 5 haitambuliwi na miwani hii, hata kama ni mpya na nzuri kuliko ile ya zamani. Waya wa USB wa kisanduku unahitaji tundu la USB la umbo la mstatili. Fahamu pia kwamba kisanduku hakiwezi kupitisha picha ya fremu 120 kwa sekunde ambayo konsoli hiyo inaitoa kwenye baadhi ya gemu za televisheni.

Kamera iwekwe wapi?

Jibu linategemea kazi yake. Miwani ina taa tisa za buluu: saba zinaonekana kutoka mbele na pembeni, na mbili ziko nyuma ya mkanda wa kichwa. Kamera inazitazama taa hizo, na kutokana na mpangilio wake konsoli inajua kichwa chako kiko wapi chumbani, kimeinama kiasi gani na kiko umbali gani. Kinachotakiwa basi ni kamera iyaone mahali yote ambapo kichwa chako kitafika wakati wa kucheza, na isione taa nyingine za kuichanganya.

Iweke katikati ya televisheni, juu yake au chini yake, ikikutazama usoni. Mimi napendelea juu, kwa sababu kamera iliyo chini hukatwa na meza au na magoti ya aliyekaa, na mikono ikiinuliwa huziba taa za miwani. Kaa umbali wa kama mita 1.5 kutoka kwenye kamera. Ukisogea karibu zaidi ya sentimita 60, kichwa kinatoka nje ya picha kwa kuegemea kidogo tu. Ukienda mbali sana, taa zinakuwa vidoa vidogo na picha huanza kutetemeka.

Pembe ni muhimu kama umbali. Kwenye menyu ya mipangilio ya miwani kuna kipengele cha `Confirm Your Position`, kinachokuonyesha kile ambacho kamera inakiona. Kaa kama utakavyokaa ukicheza, ukitazame, kisha uinamishe au uiinue kamera hadi kichwa chako kiwe karibu na katikati ya picha. Halafu usiishie hapo. Egemea mbele kama unayechungulia kisimani, egemea kushoto na kulia, na inuka ikiwa gemu inataka usimame. Kichwa kikipotea kwenye picha katika mojawapo ya nafasi hizo, hapo ndipo gemu itakapokukatisha.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kamera ikisogea hata kidogo baada ya kupangwa, dunia yote ndani ya miwani inasogea nayo. Kwa hiyo usiiweke juu ya spika, kwa sababu mitetemo inaifikia, na usiiache ikining'inia kwenye ukingo mwembamba wa televisheni ambapo waya wake mzito unaivuta nyuma. Kipande kidogo cha gundi ya pande mbili chini ya kamera, na waya wake ukiwa umebandikwa nyuma ya televisheni ili usivute, vinatosha kuituliza.

Nimekaa kimya lakini picha inaruka na kuyumba. Je, miwani imeharibika?

Mara nyingi sana miwani ni nzima, na kinachoonekana ni kamera iliyoona mwanga ambao si wa miwani. Hili ndilo swali linalowafanya watu warudishe vifaa vizima dukani, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kamera haijui taa ni nini. Inaona madoa angavu na kujaribu kuyalinganisha na mpangilio wa taa tisa. Dirisha lenye jua, balbu isiyo na kivuli, taa za mapambo, kioo cha kujitazamia, hata mlango wa kabati uliong'arishwa, vyote vinaweza kuonekana kama doa la ziada. Cha kuzingatia ni upande: kinachosumbua ni kile kilicho mbele ya kamera, yaani nyuma yako na pembeni mwako. Taa iliyo nyuma ya televisheni haiingii kwenye picha ya kamera, lakini dirisha lililo mgongoni mwako linaingia lote.

Nichukue mfano wa chumba changu mwenyewe. Televisheni ilikuwa ukutani, kiti kilikuwa mita moja na nusu mbele yake, na nyuma ya kiti kulikuwa na kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Mchana kila kitu kilikwenda vizuri. Usiku, nikizima taa ya chumba ili kuzama zaidi kwenye gemu, picha ilikuwa inaruka kwa kiasi cha kiganja kuelekea kushoto kisha kurudi, na ilizidi kila nilipogeuza kichwa upande wa kulia. Niliangalia nyaya, nikabadilisha tundu la USB, nikaifuta kamera, na hali ikabaki ileile.

Nilipofungua kipengele cha `Adjust Tracking Lights`, ambacho kinakuonyesha picha ya kamera na kukutaka uilinganishe miwani na alama za taa zake, niliona taa mbili za buluu zilizofifia zikielea juu ya bega langu. Zilikuwa ni zile taa mbili za nyuma ya mkanda wa kichwa changu, zikiakisiwa na milango ya kabati. Mchana mwanga wa chumba ulizififisha hadi zisionekane, lakini gizani zilikuwa wazi, na nilipogeuza kichwa kulia kamera ilizichukua kama taa halisi. Nilitundika shuka jeusi juu ya milango ile na picha ikatulia papo hapo.

Ukiwa na tatizo kama hili, fuata njia hiyohiyo. Fungua kipengele hicho, tazama picha ya kamera kwa makini, na utafute doa lolote angavu lisilo la miwani. Kisha ondoa chanzo kimoja kwa wakati: funga pazia na ujaribu, zima taa ya pembeni na ujaribu, funika kioo na ujaribu. Ukiondoa vyote kwa pamoja tatizo litaisha, lakini hutajua lipi lilikuwa na kosa, na kesho utalirudisha bila kujua. Mwanga wa kawaida na hafifu wa chumba hauna madhara, na wakati mwingine unasaidia kama ulivyoona.

Kama hakuna doa lolote la ziada na bado picha inatetemeka, futa lenzi za kamera kwa kitambaa laini kikavu. Alama ya kidole kwenye lenzi hutandaza kila taa ikawa wingu, na kamera hushindwa kujua katikati yake ni wapi.

Picha hairuki, lakini inazunguka polepole kuelekea upande mmoja hadi najikuta nimegeuka. Ni tatizo lilelile?

Hapana, na ni vizuri kuyatofautisha. Kuruka na kutetemeka hutokana na kamera. Kuzunguka polepole upande mmoja, huku umetazama mbele, kwa kawaida hutokana na vihisi vya mwendo vilivyo ndani ya miwani, ambavyo hupima jinsi kichwa kinavyogeuka. Vihisi hivyo vinahitaji kujua utulivu unafananaje, na hujifunza hilo wakati miwani inapowashwa. Ukiiwasha huku umeishika mkononi au ukiwa tayari umeivaa, mtikisiko wa mikono yako unahesabiwa kuwa ndio utulivu, na kosa hilo linajilimbikiza dakika baada ya dakika.

Izime miwani kwa kitufe chake cha kuwashia, ambacho kwenye toleo la `CUH-ZVR1` kiko kwenye kidhibiti kidogo cha waya na kwenye `CUH-ZVR2` kiko kwenye miwani yenyewe, iweke juu ya meza isiyotikisika, iwashe, na uiache bila kuigusa kwa nusu dakika hivi kabla ya kuivaa. Katikati ya gemu, kubonyeza na kushikilia kitufe cha `OPTIONS` hurudisha mbele mahali pake, lakini hiyo ni nafuu ya muda. Ikibidi ufanye hivyo kila baada ya dakika chache, rudi kwenye meza.

Nyaya nizipangeje ili zisinisumbue wala kuharibika?

Anza na mahali pa kisanduku. Waya wa miwani una urefu wa takribani mita 4.4, ambao unatosha kabisa ikiwa kisanduku kiko mbele, kwenye ukingo wa meza ya televisheni, lakini mita nzima inapotea ukikisukuma nyuma ya konsoli. Kiweke wazi, kisifunikwe na chochote, wala usikiweke juu ya konsoli mahali ambapo hewa ya moto inatoka.

Baada ya hapo gawanya nyaya katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni zile zisizosogea: HDMI mbili, USB, umeme na kamera. Hizi zifunge pamoja kwa mkanda wa kunatana na uzipitishe nyuma ya meza, ukiacha kipande kilicholegea cha kama upana wa kiganja karibu na kila plagi ili isivutwe. Usitumie vile vibano vya plastiki vinavyokazwa hadi mwisho, kwa sababu vinabana waya wa HDMI mahali pamoja, na siku ya kubadilisha kitu utavikata kwa mkasi ukiwa karibu mno na waya wenyewe.

Kundi la pili lina waya mmoja tu, ule wa miwani, nao usiufunge na chochote. Unatoka upande wa kushoto wa kichwa. Upitishe juu ya bega la kushoto uende mgongoni, kisha ushuke sakafuni nyuma au pembeni mwa kiti na kuzunguka hadi kwenye kisanduku. Ukiuacha ushuke kifuani, utagongana na mikono yako na utauvuta kila unapoinua kidhibiti. Kwa gemu za kusimama mimi huubana waya kwenye mkanda wa suruali, nikiacha tanzi lililolegea kati ya kiuno na kichwa. Nikikanyaga waya kwa bahati mbaya, mvuto unaishia kiunoni badala ya kuvuta miwani usoni au kisanduku mezani.

Waya wa miwani umejikunja kama kamba iliyosokotwa. Nifanyeje?

Hilo hutokea kwa wanaogeuka mara nyingi kuelekea upande mmoja. Kila mzunguko mzima wa mwili unaongeza msokoto mmoja, na hauondoki wenyewe. Ukimaliza kucheza, chomoa waya mbele ya kisanduku, shika sehemu iliyo karibu na miwani, uache upande wa plagi uning'inie, nao utajisokotoa wenyewe hadi utulie. Usiuvute kwa nguvu ili kuunyoosha, kwani nyuzi za ndani ni nyembamba.

Dalili ya waya ulioanza kuchoka ni picha inayokatika au kujaa chengachenga unapogusa sehemu moja maalumu, hasa karibu na kidhibiti kidogo cha waya au karibu na plagi. Jaribu hivi: vaa miwani, mwombe mtu aukunje waya polepole kipande kwa kipande, nawe umwambie picha inapokatika. Ikikatika mahali palepale kila mara, hakuna mpangilio utakaouponya waya huo.

Picha imetulia lakini ina ukungu. Je, kamera inahusika?

Haihusiki. Ukungu unatokana na mahali miwani ilipokaa usoni. Kuna nafasi moja tu ambapo macho yako yanakuwa mbele ya katikati ya lenzi, kwa hiyo shika miwani kwa mikono miwili, uipandishe na kuishusha taratibu huku ukisoma maandishi yoyote, na ukaze mkanda wa nyuma pale maandishi yanapokuwa wazi. Mkanda wa nyuma ukae chini kidogo, kwenye kisogo. Ukikaa juu, miwani huteleza kuelekea puani baada ya dakika kumi na ukungu unarudi.

Niiweke wapi nikimaliza?

Mahali popote pasipofikiwa na jua, huku lenzi zikiwa zimetazama chini au zimefunikwa kwa kitambaa. Lenzi za miwani zinakusanya mwanga kama kioo cha kukuzia, na miali ya jua ikiingia kupitia kwake huunguza kioo cha picha kilicho ndani. Alama inayobaki ni doa dogo lisilofutika, na linaweza kutokea ndani ya muda mfupi tu karibu na dirisha. Waya uuzungushe kwa mizunguko mikubwa iliyolegea kando ya miwani. Usiuviringe kukizunguka kichwa cha miwani, kwa sababu unakunjwa kwa nguvu pale unapotokea upande wa kushoto, na hapo ni mojawapo ya sehemu zinazochoka mapema.